Mayai, Nyama na Soseji: Je, Jembe Lalinda Moyo?

Siku moja ya mnada wa korosho, upande wa Lulindi, watu wawili walikuwa wameketi kwenye benchi la mama lishe. Mmoja alikuwa mkulima wa makamo, mwenye viganja vigumu kama gome la mti. Mwingine alikuwa mpwa wake, kijana ambaye zamani walilima pamoja, lakini sasa mwaka wa tatu anaendesha bodaboda kati ya Masasi na Newala. Kijana aliletewa sahani ya chipsi mayai na soseji mbili juu yake. Mjomba wake aliletewa ugali wa muhogo, mbaazi, na vipande vya nyama ya mbuzi.

"Mjomba, angalia nyama hiyo," kijana alisema kwa utani. "Siku hizi twaambiwa nyama nyekundu yaharibu moyo. Na mayai ndiyo mabaya kabisa, ingawa mimi siwezi kuyaacha."

Mzee akacheka. "Mpwangu, tangu alfajiri nimeokota korosho na kubeba magunia. Chakula changu chote huishia shambani. Moyo wa mtu wa jembe hauugui."

Maneno ya namna hii husemwa katika nyumba nyingi za vijijini. Kila mmoja wa wawili hawa alikuwa na sehemu ya ukweli, na kila mmoja alikuwa na kosa ambalo laweza kumgharimu maisha. Basi, na tutazame jambo lenyewe polepole.

MOYO NAO HUHITAJI KULISHWA

Moyo husukuma damu kwenda mwili mzima, lakini wenyewe haunywi damu ile inayopita ndani yake. Hulishwa na mishipa yake maalumu, ambayo huanzia pale juu damu inapotokea na kuuzunguka moyo kwa nje. Mishipa hii ni myembamba. Mwanzoni mwake upana wake ni milimita 3 au 4 tu, kisha huzidi kuwa myembamba.

Katika damu mna mafuta ya namna fulani yanayoitwa kolesteroli. Si sumu. Mwili wayahitaji, na ini lenyewe huyatengeneza kila siku, hata kwa mtu asiyeonja nyama. Lakini yakizidi kwa miaka mingi, hasa kwa mtu mwenye presha au mvuta sigara, huanza kujipenyeza ndani ya ukuta wa mshipa. Ukuta huvimba kwa ndani, na njia ya damu hupungua. Siku moja ule uvimbe hupasuka, damu hugandia juu yake, na njia huziba ghafla. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule huanza kufa. Ndiyo ile habari tunayoisikia: "Alikuwa mzima jana, leo ameanguka."

WALIYOYAONA MADAKTARI KWA WAMASAI

Swali la mzee wetu, yaani kama kazi ya mwili yamlinda mtu anayekula vyakula vya mafuta, lilichunguzwa hapa hapa kwetu. Daktari Mmarekani George Mann, wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alikuja na wenzake kuwapima Wamasai, na mwaka 1964 walitangaza habari za wanaume 400. Watu hawa waliishi kwa maziwa mengi, pamoja na nyama na damu ya ng'ombe. Kwa hesabu ya madaktari wa Ulaya na Amerika, mioyo yao ilipaswa kuwa mibovu. Walakini kolesteroli katika damu yao ilikuwa ndogo, na dalili za ugonjwa wa mishipa ya moyo zilikuwa haba mno.

Wengi wangeishia hapo na kusema, "Mnaona? Nyama na maziwa havina neno." Mann hakuishia hapo. Yeye na wenzake waliendelea kuchunguza mioyo na mishipa ya wanaume Wamasai 50 waliokuwa wamekufa, na mwaka 1972 wakaeleza waliyoyakuta. Mafuta yalikuwamo. Katika mishipa ya moyo, kuta zilikuwa zimenenepa kwa ndani sawasawa na za wazee wa Kimarekani. Lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kadiri mtu alivyoongeza umri, hata ule unene ukabaki na nafasi ya kutosha pembeni yake. Na ile hali mbaya ya uvimbe kupasuka na damu kugandia ilionekana mara chache sana.

Mann alidhani sababu ni miguu. Mmasai wa siku zile alitembea nyuma ya ng'ombe mchana kutwa, maisha yake yote. Moyo unaofanya kazi kwa bidii kila siku hudai damu nyingi, na mishipa huitikia kwa kupanuka.

Jambo kama hilo lilionekana Amerika kwa mkimbiaji mashuhuri Clarence DeMar, aliyeshinda mbio ndefu za Boston mara 7. Alikufa kwa saratani mwaka 1958, akiwa na miaka 70. Madaktari walipoufungua moyo wake walikuta mafuta kidogo katika mishipa, lakini upana wa mishipa ile walikadiria kuwa mara 2 au 3 ya mtu wa kawaida.

Kisha mwaka 2010 uchunguzi mwingine ulitangazwa kutoka Tanzania, ulioongozwa na Julia Mbalilaki. Walipimwa watu 985: Wamasai, wakulima wa vijijini, na watu wa mjini. Wamasai walikuwa wangali wakila mafuta mengi kuliko wote, lakini uzito wao na mafuta ya damu yao vilikuwa vizuri kuliko vya wengine. Kazi waliyoifanya kwa siku ilikadiriwa kuwa sawa na kutembea kilomita 20. Wakulima walifuata nyuma yao, na watu wa mjini walikuwa wa mwisho.

Basi mzee wetu hakukosea alipolisifu jembe lake. Mtu anayepanda ukingo wa uwanda wa Newala na mzigo kichwani, anayelima mihogo, anayeinama chini ya mikorosho kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa msimu, ana kinga ya kweli.

KINGA HIYO INA MIPAKA

Lakini tuyasome tena yale waliyoyakuta. Kazi iliupanua mshipa, haikuusafisha. Unene ulikuwa pale pale ndani ya ukuta, kama tope ndani ya mfereji mpana. Maji hupita kwa sababu mfereji ni mpana, si kwa sababu tope limeondoka. Hapo ndipo lilipo kosa la mzee.

Mipaka ya kinga hii ni mitatu. Kwanza, haiendelei pale kazi inapokoma. Mtu akiacha jembe na kupanda pikipiki, misuli hulegea katika majuma machache, presha na uzito huanza kupanda, na sukari ya damu hukosa pa kwenda. Lakini tumbo halisahau sahani lililoizoea. Kijana wetu wa bodaboda bado anakula chakula cha mtu anayelima ekari, naye anakaa juu ya kiti mchana kutwa. Kati ya watu hawa wawili, ni yeye aliye karibu zaidi na hatari, ingawa ndiye mwenye umri mdogo.

Pili, kazi ya mwili haifuti madhara ya sigara, ya presha isiyotibiwa, wala ya ugonjwa wa moyo unaorithiwa katika ukoo. Mwaka 1984 Mmarekani Jim Fixx, aliyewafundisha watu wengi kukimbia kwa kitabu chake, alianguka na kufa akiwa mbioni. Alikuwa na miaka 52. Mishipa ya moyo wake ilikutwa imeziba vibaya. Ujanani alikuwa mnene na mvuta sigara, na baba yake pia alikufa kwa moyo angali na miaka 43. Mbio hazikumuua, huenda hata zilimwongezea miaka. Lakini alizitegemea mno.

Tatu, na hili ndilo linaloturudisha kwenye sahani: vyakula vyenyewe si sawa. Yai, nyama mbichi ya buchani na soseji hutajwa pamoja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo.

YAI LIMEONEWA

Tuanze na yai, maana ndilo lililosingiziwa zaidi. Ni kweli kwamba yai moja kubwa lina kolesteroli karibu miligramu 186, yote katika kiini. Zamani Wamarekani walishauriwa wasipite miligramu 300 kwa siku, na hapo yai likawa adui. Lakini baadaye ilieleweka kwamba kwa watu wengi kolesteroli inayoliwa hubadili ile ya damu kidogo tu. Ukila nyingi, ini hupunguza ile linayoitengeneza lenyewe. Yanayosukuma kolesteroli ya damu juu zaidi ni mafuta yanayoganda, kama ya ng'ombe na ya mbuzi, na yai lina machache: kama gramu 1 na nusu tu. Mwaka 2015 washauri wa lishe wa Amerika waliuondoa ule mpaka wa miligramu 300.

Kwa mtu mzima mwenye afya, yai moja kwa siku halikuonekana kuongeza ugonjwa wa moyo katika uchunguzi mkubwa uliofanywa. Na mayai ya kuku wa kienyeji ni madogo kuliko yale ya hesabu hii. Mwenye kisukari, au aliyekwisha kuambiwa na daktari kwamba kolesteroli yake ni nyingi, huyo na asile kila siku mpaka ashauriane na daktari wake, maana kwake ushahidi hauko wazi hivyo.

Huku kwetu taabu si kula mayai mengi mno. Taabu ni kwamba kuku hutaga, mayai huuzwa mnadani, na mtoto wa nyumba hubaki na ugali na kisamvu. Yai moja lina protini kama gramu 6, ya namna bora kabisa kwa mwili unaokua na kwa misuli inayochoka. Afadhali kuuza machache na kubakiza machache.

Lakini neno moja juu ya chipsi mayai. Tatizo lake si yai. Ni mafuta yaliyokaangiwa tangu asubuhi mpaka yakawa meusi na kutoa moshi, na ni chumvi inayomiminwa juu. Yai lililochemshwa, au lililopikwa na nyanya kwa mafuta kidogo, ni chakula kingine kabisa.

NYAMA YA BUCHANI

Nyama nyekundu, yaani ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe, hukaa katikati. Ina protini na ina madini ya chuma, ambayo wanawake wajawazito na wasichana huyahitaji sana. Pia ina mafuta yanayoganda. Ukitaka kuyaona, acha mchuzi wa nyama upoe usiku mmoja. Asubuhi utakuta utando mweupe juu yake. Ule utando waweza kuuondoa kwa kijiko kabla ya kupasha moto, na hapo umekwisha kupunguza sehemu kubwa ya mafuta.

Washauri wengi wa lishe husema mtu asipite gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa juma, yaani kama vipande vitatu, kila kimoja ukubwa wa kiganja pasipo vidole. Kwa familia nyingi za Lulindi mpaka huu uko mbali. Nyama huonekana siku ya mnada, harusini, Krismasi na Pasaka, na siku nyingine kitoweo ni mbaazi, kunde, samaki wakavu, au mboga zilizoungwa kwa karanga. Nao Wamasai wa Mann hawakula nyama kila siku; chakula chao cha kila siku kilikuwa maziwa. Basi mzee wetu na mbuzi wake hawana kesi, mradi asile mafuta peke yake na kuiacha mbaazi.

SOSEJI NA NYAMA YA KOPO

Sasa tumefika kwenye zile soseji mbili. Nyama iliyotengenezwa kiwandani, kama soseji, nyama ya kopo, na nyama zilizotiwa chumvi na dawa zisioze, ni habari nyingine. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikusanya hesabu za uchunguzi mwingi na kukuta kwamba walaji wa gramu 50 kwa siku za nyama ya namna hii walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 42 zaidi ya wasiokula. Kwa nyama ya kawaida hawakuona tofauti hiyo. Cha ajabu, mafuta na kolesteroli vilikaribiana katika nyama zote mbili. Kilichotofautiana sana kilikuwa chumvi: ile ya kiwandani ilikuwa nayo karibu mara 4, pamoja na dawa zaidi za kuhifadhia.

Mwaka 2021 ukatangazwa uchunguzi wa watu zaidi ya 130,000 katika nchi 21, na Tanzania imo. Waliokula gramu 150 au zaidi kwa juma za nyama ya kiwandani walipata magonjwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 46 zaidi ya wasioila kabisa. Nyama ya kawaida, tena, haikuonyesha madhara ya wazi. Wengine waliochunguza baadaye walikuta madhara kidogo kwa nyama ya kawaida pia, lakini kila mara ile ya kiwandani ilikuwa mbaya zaidi.

Hapana budi tuseme kwa haki kwamba uchunguzi wa namna hii huwatazama watu jinsi wanavyoishi. Mla soseji nyingi huenda pia anavuta sigara au anakaa sana, na wapimaji hujaribu kuondoa tofauti hizo lakini hawazimalizi zote. Hata hivyo, majibu yanapokuja upande mmoja kutoka nchi nyingi, na chumvi ikiwapo kama sababu inayoeleweka, mwenye busara huchukua hadhari.

Tufanye hesabu ya kijana wetu. Soseji moja ya kawaida yaweza kuwa na gramu 40 hadi 50. Akila mbili kila siku ya kazi, siku 6 kwa juma, hizo ni soseji 12, yaani gramu 480 na zaidi. Amepita ule mpaka wa gramu 150 zaidi ya mara 3. Chumvi nayo: soseji mbili zaweza kuwa na gramu 2, na Shirika la Afya Duniani lashauri chini ya gramu 5 kwa siku nzima, kama kijiko kimoja cha chai. Ongeza chumvi ya chipsi na ya mchuzi wa jioni, naye amekwisha kupita. Chumvi hupandisha presha, na presha haimwambii mtu kitu mpaka imeharibu.

Je, jasho la mtu wa jembe halitoi chumvi? Hutoa, na mkulima kweli huvumilia chumvi kuliko mtu wa kitini. Lakini uji, maji na chakula cha kawaida chenye chumvi kidogo hurudisha ile iliyopotea. Hapahitajiwi soseji kuirudisha.

MTU ATAJUAJE?

Presha haina njia ya kuijua ila kuipima. Mtu mzima aliyevuka miaka 40 na apimwe walau mara moja kwa mwaka, hata kama anabeba gunia bila kuhema. Zikionekana 140 juu au 90 chini, tena zaidi ya siku moja, hapo pana kazi ya daktari. Kolesteroli hupimwa kwa damu katika hospitali kubwa kama ile ya Ndanda.

Na mtu wa kazi ngumu anayo dalili moja ambayo mtu wa kitini huenda asiione mapema. Kilima ulichokipanda mwaka jana pasipo shida, mwaka huu chakubana kifua katikati, kama umewekewa jiwe. Ukisimama kupumzika, baada ya dakika chache jiwe laondoka. Usiseme ni uzee wala upepo. Huo ni mshipa wa moyo unaolalamika kwamba njia imekuwa nyembamba, na huo ndio wakati mwema wa kwenda hospitali.

Maumivu yasipoondoka kwa kupumzika, yakaenea kwenye mkono au taya, pamoja na jasho baridi au kichefuchefu, hapo hakuna kungoja kesho. Mgonjwa asitembee kwa miguu. Atafutiwe chombo mara moja. Wanawake mara nyingine hawasikii maumivu makali, bali uchovu mzito wa ghafla na pumzi kukatika. Nao wapelekwe vivyo hivyo.

Tuwarudie wawili wetu. Mama lishe alipokuja kuchukua vyombo, mzee alimwuliza mpwa wake kama tangu aanze bodaboda amepata kupimwa presha. Kijana akasema bado, akamrudishia swali. Mzee naye alikuwa hajapimwa hata mara moja. Wakatazamana. Kisha mzee akasema, "Haya, mpwangu, washa pikipiki yako. Twende zahanati sote wawili, kisha unirudishe shambani. Na kesho usilete soseji nyumbani; shangazi yako ana mayai kwenye kapu."